Yah: Kutochukua nafasi ya Shahada ya Uzamili ya Haidrolojia, Septemba 2026 (namba ya maombi 26-04817)

18 Aprili 2026

Ndugu Mratibu wa Udahili,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nashukuru kwa barua yenu ya tarehe 9 Machi iliyonipa nafasi ya masomo pamoja na punguzo la nusu ya ada. Nimeshathibitisha kujiunga na chuo kingine, hivyo sitachukua nafasi hiyo. Siombi kuahirisha masomo wala kushikiliwa nafasi hadi mwakani.

Tarehe ya mwisho ya kuthibitisha ni 30 Aprili, lakini kuna watu kwenye orodha ya kusubiri wanaohitaji muda wa kutafuta ada na viza. Naomba nafasi yangu na lile punguzo vitolewe kwao mapema iwezekanavyo.

Kwenye mfumo wa udahili nimeshajaza sehemu ya kukataa ofa. Chumba cha bweni, hata hivyo, bado kinaonekana kimehifadhiwa kwa jina langu, kwa kuwa maombi ya malazi yana akaunti yake. Nimeiandikia ofisi ya malazi leo. Naomba nanyi mhakikishe kimefutwa, kisije kikazalisha ankara mwezi Septemba. Sijalipa amana yoyote, kwa hiyo hakuna fedha ya kurejeshwa. Nitashukuru nikipata jibu fupi la maandishi kwamba ofa imefungwa.

Sababu ya uamuzi wangu ni mada ya tasnifu. Nataka kuchunguza maji ya bahari yanavyopenya kwenye visima vya pwani, kazi inayodai kupima chumvi kwenye visima vilevile kiangazi na masika. Chuo nilichokichagua kina visima vyake vya utafiti na vipimo vya miaka ya nyuma. Programu yenu imebobea zaidi katika modeli za kompyuta za mtiririko wa maji, na hilo ndilo nitakalolihitaji nikishakuwa na takwimu zangu mwenyewe.

Kwa hiyo nakusudia kuomba tena kwenu, safari hiyo kwa shahada ya uzamivu, nitakapomaliza mwaka 2028. Najua nitaanza upya kama mwombaji mwingine yeyote. Ningependa tu kufahamu iwapo nakala za vyeti vyangu mlizokwisha kuzihakiki hubaki kwenye kumbukumbu, au nitaziwasilisha tena.

Mhadhiri aliyenihoji kwa video alinionyesha udhaifu mmoja kwenye pendekezo langu la utafiti: kisima kinachopigwa pampu muda wote hutoa kipimo kisicholingana na cha kisima kilichotulia. Nimerekebisha sehemu hiyo. Nimemwandikia kumshukuru, na nimemwomba ruhusa ya kumtumia matokeo ya awali yatakapopatikana.

Wako katika elimu,

Rehema Juma