Barua ya kupinga makadirio ya ushuru wa forodha kwa mashine za kukaushia viungo

Ushirika wa Wakulima wa Viungo, Mtambwe
Wilaya ya Wete
Mkoa wa Kaskazini Pemba

30 Juni 2025

Kumb. Na. UWV/FOR/07/2025

Kamishna wa Forodha
Mamlaka ya Mapato
Kupitia kwa Msimamizi wa Forodha, Unguja

Ndugu Kamishna,

YAH: OMBI LA KUPITIWA UPYA MAKADIRIO YA USHURU WA SHILINGI 12,150,000 KWA MASHINE TATU ZA KUKAUSHIA VIUNGO, TAMKO LA FORODHA NAMBA 1187 LA TAREHE 9 JUNI 2025

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Tunaandika chini ya kifungu cha 229 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Kifungu hicho kinampa mtu aliyeguswa na uamuzi wa afisa wa forodha siku 30 za kuomba uamuzi huo upitiwe upya. Notisi ya makadirio tuliyopokea ni ya tarehe 16 Juni 2025, kwa hiyo ombi hili limo ndani ya muda. Nakala ya notisi ni Kiambatisho Na. 1, na nakala ya tamko la forodha ni Kiambatisho Na. 2.

Mgogoro wenyewe ni mmoja tu. Wakala wetu wa forodha alizitangaza mashine hizi chini ya namba ya ushuru 8419.34, yaani vikaushio vya mazao ya kilimo, ambavyo ushuru wake ni asilimia 0. Afisa aliyekagua mzigo katika Bandari ya Malindi alizihamishia namba 8516.60, yaani oveni na majiko ya umeme ya matumizi ya nyumbani, na kutoza asilimia 25. Thamani ya forodha ya mashine zote tatu ni shilingi 48,600,000. Thamani hiyo hatuipingi, nayo Mamlaka imeikubali kama tulivyoitangaza. Tunachokipinga ni namba ya ushuru, na shilingi 12,150,000 zilizozaliwa na namba hiyo.

Sababu zilizoandikwa kwenye notisi ni fupi: mashine ina umbo la kabati lenye mlango, ina trei ndani, na inapata joto kwa umeme. Yote matatu ni kweli. Afisa aliona alichokiona na hatumlaumu kwa hilo. Lakini sifa hizo tatu hazitoshi kuamua namba ya ushuru, na tunaomba utusikilize tueleze kwa nini.

Kanuni ya 1 ya Kanuni za Jumla za Ufafanuzi, ambazo ni sehemu ya Viwango vya Pamoja vya Ushuru wa Forodha vya Jumuiya, inataka bidhaa iainishwe kwanza kwa maneno ya vichwa vya ushuru na maelezo ya sehemu na sura husika. Umbo la bidhaa likitazamwa peke yake halijafika kwenye kanuni hiyo. Sasa tuyaangalie maneno yenyewe. Kichwa 84.19 kinahusu mashine na mitambo ya kushughulikia vitu kwa njia ya kubadilisha hali ya joto, na kukausha kumetajwa humo waziwazi. Kichwa hicho hicho kinasema mashine hizo zinaingia humo ziwe zinapashwa joto kwa umeme au sivyo. Kwa hiyo hoja ya umeme, ambayo ndiyo nzito kuliko zote kwenye notisi, imekwisha kujibiwa na kichwa chenyewe. Umeme hauitoi mashine kwenye 84.19.

Kinachoitoa ni kitu kingine: kuwa mashine ya aina inayotumika nyumbani. Hapo ndipo mpaka ulipo. Kichwa 84.19 kinaziondoa mashine za aina ya matumizi ya nyumbani, na kichwa 85.16 kinavichukua vyombo vya joto la umeme vya aina hiyo hiyo. Swali la kweli mbele yako, Ndugu Kamishna, ni hili: je, mashine hizi ni za aina inayotumika nyumbani?

Kitabu cha maelekezo cha mtengenezaji (Kiambatisho Na. 3) na picha za bamba lililopigwa ubavuni mwa kila mashine (Kiambatisho Na. 4) vinajibu. Kila mashine ina uzito wa kilo 420 na urefu wa mita 2.2. Inabeba trei 48 na kupokea kilo 150 za viungo vibichi kwa mkupuo mmoja. Inatumia kilowati 15 za umeme wa fezi tatu, volti 380 hadi 415. Nyumba ya kawaida Pemba, na hata Unguja mjini, imeungiwa fezi moja ya volti 230. Mashine hii haiwezi kuwashwa kwenye soketi ya jikoni. Ilitubidi tuombe laini maalumu ya fezi tatu kwa ajili ya banda letu, na barua ya kukubaliwa kwa ombi hilo ni Kiambatisho Na. 5. Tunaomba uipe barua hiyo uzito wake, kwa sababu iliandikwa kabla mzigo haujafika bandarini, wala hakuna aliyejua wakati huo kwamba kutakuwa na mgogoro wa ushuru.

Kuna jambo la joto pia. Bamba la mashine linaonesha kiwango cha nyuzi 40 hadi 80 za Selsiasi, na kidhibiti hakipandi zaidi ya hapo. Kwa nyuzi 80 mkate hauivi wala samaki hachomeki. Oveni ya nyumbani hufanya kazi kwa nyuzi 180, 200 na zaidi, na hufungwa ili joto lisitoke. Mashine zetu zimeundwa kinyume chake. Zina feni ya kusukuma hewa ya moto kati ya trei na bomba la kutolea unyevu nje, kwa kuwa kazi yake ni kutoa maji ndani ya kiungo bila kukipika. Manjano yakipikwa rangi inabadilika na mnunuzi anayakataa. Pilipili manga ikipata joto kali, mafuta yake, ambayo ndiyo harufu yake na bei yake, yanapotea. Mtu anayenunua mashine isiyoweza kuoka chochote hanunui oveni.

Trei zilifika katika makasha tofauti na ya mwili wa mashine, na huenda hilo lilichangia kumtatiza mkaguzi. Orodha ya mizigo (Kiambatisho Na. 6) inaonesha kuwa makasha yote yamo katika hati moja ya shehena (Kiambatisho Na. 7), na idadi ya trei, 144, ni ile ile inayohitajika na mashine tatu, wala hakuna ya ziada. Kanuni ya 2(a) inasema bidhaa iliyofika ikiwa imefunguliwa vipande huainishwa kama bidhaa kamili.

Tumejiuliza pia kama kichwa 85.14, cha tanuri za umeme za viwandani na maabara, kinaweza kuhusika, kwa kuwa 84.19 kinaziacha nje tanuri hizo. Notisi haikukitaja, nasi hatuoni kama kinafaa kwa mashine isiyochoma, isiyoyeyusha na isiyovuka nyuzi 80. Tukishakuwa ndani ya 84.19, Kanuni ya 6 inatupeleka kwenye vijichwa vyake, na hapo 8419.34 imetaja vikaushio vya mazao ya kilimo. Manjano, tangawizi, pilipili manga na mchaichai ni mazao ya kilimo. Cheti cha usajili wa ushirika wetu na orodha ya mashamba ya wanachama (Kiambatisho Na. 8) vinaonesha mazao hayo yanatoka wapi. Ankara ya muuzaji na uthibitisho wa malipo kupitia benki ni Kiambatisho Na. 9.

Ndugu Kamishna, tunaomba utuvumilie tueleze kwa nini jambo hili linatugusa sana. Karafuu zetu tunazianika juani na kuliuzia Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na utaratibu huo una mwenyewe. Viungo vingine vinatutegemea sisi. Wanachama wetu 74, wengi wao akina mama, wanaanika kwenye majamvi, na wingu likitanda wanakimbia kuanua. Mvua ikishika siku mbili mfululizo, tangawizi iliyokatwa inaota ukungu, na palipo na ukungu kuna hatari ya sumukuvu. Mzigo ukipimwa na kukutwa nayo unakataliwa wote, pamoja na uliokauka vizuri. Mashine hizi tumezinunua kwa michango ya wanachama na mkopo. Shilingi 12,150,000 zinakaribia bei ya mashine moja kati ya tatu, na hatuna pa kuzitoa isipokuwa kuiuza hiyo moja kabla haijafika Pemba.

Kwa hayo yote tunaomba makadirio yaliyomo katika notisi ya tarehe 16 Juni 2025 yafutwe, mashine ziainishwe chini ya 8419.34 kama zilivyotangazwa, na kodi nyingine zilizokokotolewa kwa kujumlisha ushuru huo zihesabiwe upya. Kama bado kuna shaka juu ya matumizi ya mashine, tunaomba ukaguzi wa pamoja, maafisa wako wakiwa na wakala wetu na fundi wetu wa umeme. Tuko tayari kuifungua mashine yoyote watakayoichagua na kuiwasha palipo na fezi tatu.

Tunaomba pia, chini ya kifungu cha 229(6), mashine ziachiliwe wakati ombi hili likiendelea, kwa dhamana utakayoiona inatosha. Benki yetu imekubali kwa maandishi kutoa dhamana ya kiasi chote kinachobishaniwa (Kiambatisho Na. 10). Gharama za kuhifadhi mzigo bandarini zinapanda kila siku, na tunahitaji muda wa kuzivusha mashine hadi Wete, kuzifunga na kuwafundisha wanachama kabla mvua za vuli hazijaanza.

Tunatambua kuwa sheria inakupa siku 30 za kutoa uamuzi wako kwa maandishi pamoja na sababu zake. Ukihitaji hati nyingine yoyote, tujulishe kupitia wakala wetu nasi tutaileta mara moja. Iwapo uamuzi hautakuwa upande wetu, tunabaki na haki ya kukata rufaa chini ya kifungu cha 230. Imani yetu ni kwamba hati hizi zikisomwa pamoja na maneno ya vichwa hivyo viwili, hakutakuwa na haja ya kufika huko.

Wako katika ujenzi wa taifa,

(Saini)
Mwanaisha Hamad Faki
Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Ushirika

Nakala: Mwenyekiti wa Ushirika, Mtambwe; Wakala wa forodha wa Ushirika, Unguja.

Viambatisho: Na. 1 hadi Na. 10, kila kimoja kikiwa na muhuri wa Ushirika. Nakala halisi za Na. 3, Na. 7 na Na. 9 ziko kwa wakala wetu na zinaweza kukaguliwa wakati wowote wa saa za kazi.