Swali la pembetatu zilizopandana

Mjomba, marahaba. Picha yako nimeifungua nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi pale Kimara, nikaikuza mpaka mwandiko ukasomeka. Umeipiga usiku kwa tochi, kivuli cha mkono kimefunika upande wa kushoto. Kwa hiyo kwanza nikuandikie ninachokiona, tusije tukawa tunatatua michoro miwili tofauti.

Pembetatu ABC, A iko juu. D iko kwenye AB, E iko kwenye AC. BE na CD zinakatana F. Kijimraba cha nyuzi 90 kinaonekana pale E. Cha pale D kimemezwa na kivuli, lakini maneno ya swali yanasema CD imesimama wima juu ya AB, basi kipo. Vile vistari viwili ni vya AB nzima na AC nzima, si vya AD na AE. Hapo usiamini jicho, soma maneno: AB = AC. Wanataka (a) BE = CD, na (b) AF inaigawa pembe A nusu kwa nusu.

Wewe umeona pembe mraba ukaikimbilia RHS. RHS inadai vitu vitatu: pembe mraba, upande mrefu unaoitazama, na upande mwingine mmoja. Cha kwanza unacho. Cha pili unacho, AB = AC. Cha tatu umeandika BE = CD, sababu "inaonekana kwenye mchoro". Mjomba, hicho ndicho ulichoambiwa uthibitishe! Ni kama kumlipa mwenye duka kwa hela uliyomkopa yeye mwenyewe dakika hiyo hiyo.

Shida ni kwamba pembetatu zenyewe zimepandana. Chukua karatasi uzichore mbalimbali: ABE peke yake, ACD peke yake. Ukizitenga utaona kitu ambacho picha ilikificha: zote mbili zinatumia pembe ile ile ya A. Sasa una pembe mbili na upande mmoja, na upande wenyewe umekaa mahali pamoja, maana AB inaitazama pembe mraba ya E, na AC inaitazama pembe mraba ya D. Hiyo ni AAS. Kama upande mmoja ungekuwa unatazama pembe mraba na mwingine unatazama pembe A, tungekwama.

(a) Katika △ABE na △ACD:

1. ∠AEB = ∠ADC = 90° (tumepewa: BE ⊥ AC, CD ⊥ AB)
2. ∠BAE = ∠CAD (pembe A ni ya pamoja)
3. AB = AC (tumepewa)

Kwa hiyo △ABE ≅ △ACD (AAS).
Kwa hiyo BE = CD (pande zinazooana za pembetatu zinazolingana).

Angalia mpangilio wa herufi. A imekwenda na A, B na C, E na D. Ukiandika △ABE ≅ △ADC umeshasema B inaoana na D, na ukisoma pande kutoka hapo utapata AB = AD, jambo ambalo hakuna aliyekuambia.

Kwenye (b) ndipo RHS yako inapata kazi. Kutoka mstari ule ule wa AAS tunachukua zawadi nyingine, AE = AD. Unganisha A na F, kisha:

Katika △ADF na △AEF:

1. ∠ADF = ∠AEF = 90° (F iko juu ya CD na juu ya BE)
2. AF = AF (upande wa pamoja, nao ndio unaotazama pembe mraba)
3. AD = AE (imethibitishwa kwenye (a))

Kwa hiyo △ADF ≅ △AEF (RHS).
Kwa hiyo ∠DAF = ∠EAF (pembe zinazooana), yaani AF inaigawa pembe A nusu kwa nusu.

Safari hii upande wa tatu haukutoka machoni, umetoka kwenye mistari iliyotangulia. Ndiyo maana (a) lazima iandikwe kabla ya (b). Sababu nazo ziandike ubavuni mwa kila mstari, usizirundike mwishoni; anayesahihisha hatakutafutia.

Darasani mnaandika kwa Kiingereza, hilo najua. Nakili kwanza hivi hivi, halafu geuza mstari mmoja mmoja mwenyewe.

Swali la 7 pia nimeliona ukingoni mwa picha, ila nusu yake imekatika. Lipige kesho asubuhi, karibu na dirisha, daftari likiwa limelala mezani. Msalimie mama.