Tafsiri ya Hati ya Makadirio ya Kodi ya Mapato ya Mwaka 2024

Imefasiriwa kutoka Kijerumani, Chake Chake, Pemba, tarehe 24 Juni 2025, kwa ajili ya mama na kaka wa mlipakodi walioko Wete. Kwa ombi la mlipakodi, jina lake, namba yake ya kodi, akaunti yake na jina la ofisi iliyotoa hati havikunakiliwa hapa. Vinasomeka kwenye nakala ya asili iliyobanwa pamoja na karatasi hizi. Maneno yaliyo ndani ya mabano ya mraba ni yangu mimi mfasiri, hayamo katika hati.

[Wajerumani huandika nukta pale sisi tunapoweka mkato. Katika asili mtaona 1.800, hiyo ni elfu moja na mia nane, si moja nukta nane. Humu nimeandika kwa desturi yetu.]

OFISI YA KODI
Tarehe ya hati: 12 Juni 2025

HATI YA MAKADIRIO YA KODI YA MAPATO NA TOZO YA MSHIKAMANO KWA MWAKA 2024

Hati hii ni ya muda kwa baadhi ya vipengele, kwa mujibu wa kifungu cha 165 cha Sheria ya Taratibu za Kodi. Vipengele hivyo vimetajwa mwishoni mwa maelezo.

A. Kodi iliyokadiriwa

Kodi ya mapato iliyokadiriwa: yuro 2,086.00
Kodi iliyokwisha kukatwa kwenye mshahara: yuro 2,721.00
Kodi iliyozidi: yuro 635.00

Tozo ya mshikamano iliyokadiriwa: yuro 0.00
Iliyokwisha kukatwa: yuro 0.00

Kiasi cha yuro 635.00 kitarejeshwa kwenye akaunti uliyoiandika katika fomu ya ritani.

[Kwa hiyo mlipakodi hadaiwi, ni yeye anayerudishiwa. Nimeanza na hili kwa sababu kaka mtu alipoona muhuri na neno kodi alidhani ndugu yake amepatikana na deni. Kodi ya kanisa haimo kabisa, kwani hukatwa kwa waumini wa makanisa yaliyosajiliwa kuitoza.]

B. Hesabu ya mapato yanayotozwa kodi

Mapato ya ajira

Mshahara ghafi (cheti cha mwajiri, mstari wa 3): 31,200
Kutoa gharama za kazi:
Safari kati ya nyumbani na kazini, siku 215, kilomita 27: 1,862
Gharama za akaunti ya benki, kwa mkupuo: 16
Jumla ya gharama za kazi: 1,878
Mapato ya ajira: 29,322

[«Mstari» katika hati hii ni mstari wa cheti cha mshahara ambacho mwajiri humpa mfanyakazi mwisho wa mwaka, si mstari wa hati yenyewe. Wa 3 ni mshahara ghafi, wa 4 ni kodi iliyokatwa. Hapo ndipo ilipotoka ile 2,721. Safari huhesabiwa upande mmoja tu: kwa mwaka 2024 ilikuwa senti 30 kwa kila kilomita katika 20 za mwanzo, senti 38 kuanzia ya 21. Kila mwajiriwa ana nafuu ya yuro 1,230 ya gharama za kazi bila kuulizwa risiti. Huyu gharama zake halisi zimepita hapo, ndiyo maana 1,230 haionekani. Hazijumlishwi zote mbili.]

Kutoa michango ya hifadhi

Michango ya pensheni ya mfanyakazi (mstari wa 23a): 2,902
Michango ya bima ya afya (mstari wa 25): 2,543
Kutoa asilimia 4 kwa haki ya posho ya ugonjwa: 102
Inabaki: 2,441
Michango ya bima ya matunzo ya wasiojiweza (mstari wa 26): 718

Michango ya bima ya ukosefu wa kazi (mstari wa 27) haikuzingatiwa, kwa kuwa michango ya afya na matunzo peke yake imeshapita kikomo cha yuro 1,900.

Kutoa nafuu ya mkupuo ya matumizi maalumu: 36

Mapato baada ya makato hayo: 23,225

Kutoa matunzo ya watu wanaomtegemea mlipakodi (kifungu cha 33a, fungu la 1, cha Sheria ya Kodi ya Mapato): 1,800

Mapato yanayotozwa kodi: 21,425
Kodi kwa jedwali la msingi: 2,086

[Mtaitafuta ile nafuu kubwa ya msingi ya yuro 11,784 na hamtaiona ikitolewa popote. Imo ndani ya jedwali lenyewe: jedwali haligusi mapato mpaka yapite kiasi hicho. Asiyelijua hili hudhani kijana amedhulumiwa.]

C. Maelezo ya Ofisi kuhusu matunzo

Uliomba yuro 3,900 zitambuliwe: 3,000 kwa mama yako na 900 kwa mdogo wako wa kike, wote wakazi wa Zanzibar, Tanzania.

Kuhusu mdogo wako. Matunzo hupunguza kodi pale tu mpokeaji anapokuwa na haki ya kutunzwa nawe kwa mujibu wa sheria ya Ujerumani. Ndugu wa kuzaliwa hawana haki hiyo. Sheria ya nchi anakoishi mpokeaji haibadilishi jambo hili. Yuro 900 hazikutambuliwa.

[Hapa nimefasiri kama ilivyo, nisije kuulizwa nimeyatoa wapi. Kwetu kaka kumsomesha mdogo wake ni jambo lisilohitaji karatasi. Sheria yao inahesabu wazazi, watoto na mwenza; ndugu hawamo. Pingamizi kwa hili ni kupoteza stempu.]

Kuhusu mama yako. Tamko la matunzo lililothibitishwa na Sheha limepokelewa. Kwa umri wake hakutakiwa kuthibitisha kwamba anatafuta kazi. Nyumba anayoishi mwenyewe haikuhesabiwa kuwa mali. Kikomo kimepatikana hivi:

Kikomo cha mwaka: 11,784
Tanzania imo katika kundi la nchi zinazopewa robo: 2,946
Malipo ya kwanza yalikuwa Aprili 2024, hivyo miezi 9 kati ya 12: 2,209.50

Kipato cha mama, mauzo ya karafuu baada ya gharama za uchumaji, Aprili hadi Disemba, shilingi 696,000 kwa kiwango cha 2,900: 240
Kutoa kiasi kisichohesabiwa (624, robo yake 156, miezi 9): 117
Kipato kinachopunguza kikomo: 123

Kikomo kinachotumika: 2,087

Malipo yaliyothibitishwa kwa hati za benki: 600 mwezi wa Aprili, 600 Julai, 600 Oktoba. Jumla 1,800.

Yuro 1,200 ulizosema ulimkabidhi mama yako mkononi mwezi wa Disemba 2024 ulipokuwa likizo hazikutambuliwa. Hukuleta uthibitisho wa kutoa fedha hizo benki, wala stakabadhi ya mpokeaji yenye tarehe na kiasi.

[Hili ndilo linalowahusu nyinyi wa Wete, na nitalikawilia kidogo.

Kwanza, miezi. Fedha iliyoanza kutumwa Aprili haihesabiwi kurudi nyuma mpaka Januari, hata kama mama aliishi kwa mkopo wa duka miezi hiyo mitatu. Angetuma kitu mwezi wa Januari, angepata miezi yote 12.

Pili, karafuu. Mama alitangaza mauzo yake na akaambatisha risiti za Shirika la ZSTC pamoja na malipo ya wachumaji. Imempunguzia mwanawe yuro 123 za kikomo. Alifanya vyema, mapato yaliyofichwa yakigundulika, tamko zima huangushwa.

Tatu, zile 1,200 za mkononi. Zikikubaliwa zote, jumla itakuwa 3,000, lakini kikomo ni 2,087. Kinachoongezeka ni yuro 287 tu. Nimepiga hesabu kwa jedwali lao: kodi itashuka kutoka 2,086 hadi 2,012, yaani mlipakodi atarudishiwa yuro 74 zaidi, kama shilingi 214,600 kwa kiwango walichotumia wao. Si haba, ila si zile 1,200 ambazo kaka mtu alinitajia.

Ili zikubaliwe pahitajika karatasi ya benki ya huko inayoonyesha fedha zilitolewa si zaidi ya wiki mbili kabla ya kukabidhiwa, ushahidi wa safari, na stakabadhi ya mama. Kama stakabadhi iliandikwa Disemba, itafuteni. Kama haikuandikwa, isiandikwe leo ikapewa tarehe ya Disemba. Mama aandike tamko lenye tarehe ya siku anayoliandika, aseme alipokea nini na lini, na Ofisi itapima yenyewe. Stakabadhi ikiwa ya Kiswahili itatakiwa tafsiri ya Kijerumani, maana lugha ya ofisi zao ni hiyo moja.]

D. Vipengele vya muda

Makadirio haya ni ya muda kuhusu masuala ya kikatiba yanayosubiri hukumu za mahakama. Hukumu zikihitaji mabadiliko, hati itarekebishwa bila wewe kuomba. Kwa masuala hayo pingamizi si lazima.

[Karafuu na matunzo ya mama havimo katika masuala hayo. Msisubiri.]

E. Maelekezo kuhusu haki ya kupinga

Unaweza kupinga hati hii kwa njia ya pingamizi.

Pingamizi liwasilishwe katika Ofisi ya Kodi iliyotajwa juu kwa maandishi, kwa njia ya elektroniki, au litolewe kwa mdomo ofisini liandikwe na ofisa.

Muda wa kuwasilisha pingamizi ni mwezi mmoja. Unaanza baada ya siku ambayo hati hii imekufikia. Hati iliyotumwa kwa posta ya kawaida huhesabiwa kuwa imefika siku ya nne baada ya kutumwa, isipokuwa kama haikufika au imefika baadaye.

[Siku. Hati imetumwa Alhamisi tarehe 12 Juni 2025. Siku ya nne ni Jumatatu tarehe 16 Juni. Mwezi mmoja kutoka hapo unaisha Jumatano tarehe 16 Julai 2025, saa sita usiku kwa saa za Ujerumani. Zamani ilikuwa siku ya tatu. Imebadilishwa kuwa ya nne kuanzia 2025, na karatasi za zamani mlizo nazo zisiwachanganye.

Kinachotazamwa ni siku barua inapoingia ofisini kwao, si muhuri wa posta ya Chake Chake. Kwa hiyo pingamizi asilitume mtu kutoka Pemba. Mlipakodi alipeleke mwenyewe kule, na karatasi za mama zipigwe picha zimfikie kabla ya tarehe 10 Julai. Pingamizi likishaingia kwa wakati, vielelezo vinaweza kufuata. Aombe tu apewe muda wa kuvileta.

Nimetumia «pingamizi», si «rufaa», kwa sababu linasikilizwa na ofisi ile ile iliyokadiria. Rufaa inakuja baadaye mbele ya Mahakama ya Kodi, nayo ina muda wake na gharama zake. Pingamizi halina ada.]

Katika pingamizi itajwe hati inayopingwa na sehemu inayopingwa, pamoja na sababu na vielelezo. Ofisi italipitia upya suala zima. Hati inaweza kubadilishwa hata kwa hasara yako, baada ya wewe kujulishwa na kupewa nafasi ya kujieleza.

[Sentensi hiyo ya mwisho msiipite mbio. Anayepinga kwa ajili ya yuro 74 anafungua faili lote, pamoja na zile kilomita 27 na siku 215. Kama siku za kazini ni za kweli, hana la kuhofia. Nimemuuliza kwa simu. Amesema daftari la zamu analo.]

Mwisho wa hati.

Nathibitisha kuwa tafsiri hii nimeifanya mwenyewe kutoka nakala ya asili yenye kurasa 4, na takwimu zote zimelinganishwa mara mbili na asili. Hesabu za yuro 287 na 74 ni zangu, hazina nguvu ya Ofisi ya Kodi. Nakala mbili zimetolewa: moja ya mama, moja ya kaka.