Ombi la kinywaji kisicho na laktosi katika chakula cha mchana

Tumaini Mgaya,
Mjimwema,
NJOMBE.

9 Februari 2026

Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi Miti Mirefu,
NJOMBE.

Ndugu Mwalimu Mkuu,

YAH: OMBI LA KINYWAJI KISICHO NA LAKTOSI KWA MWANAFUNZI NEEMA MGAYA, DARASA LA TATU B

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa. Ninaomba kwa heshima kwamba Neema asipewe tena kikombe cha maziwa ya ng'ombe kinachotolewa pamoja na chakula cha mchana, na badala yake apewe kila siku kinywaji kisicho na laktosi, yaani ile sukari ya asili iliyomo kwenye maziwa. Cheti cha daktari nimekiambatanisha na barua hii.

Neema alikunywa maziwa bila shida tangu utotoni hadi alipokuwa Darasa la Pili. Mwezi Oktoba mwaka jana alianza kurudi nyumbani akilalamika kwamba tumbo linamnguruma na kumkata, na siku nyingine aliharisha mara mbili au tatu kabla ya jioni. Nilidhani ni minyoo, nikampa dawa, lakini hali haikubadilika. Wakati wa likizo ya Desemba alikaa kwa bibi yake kijijini, ambako alikuwa akinywa togwa, na mwezi wote hakuumwa tumbo hata siku moja. Shule zilipofunguliwa Januari, maumivu yalirudi siku ya pili tu, na hapo ndipo nilipoanza kuyatilia shaka maziwa.

Daktari alielekeza aache maziwa kabisa kwa wiki mbili, kisha apewe kikombe kimoja nyumbani, nami nimwangalie. Ninamshukuru sana mwalimu wake wa darasa, aliyesimamia jambo hilo kwa uaminifu upande wa shule. Kwa wiki hizo mbili mtoto alikuwa mzima. Jumamosi nilimpa kikombe cha maziwa saa nne asubuhi, na kabla ya saa sita alikuwa amejikunja kitandani, tumbo limejaa gesi na limekaza, akiniuliza kama amekosea kitu. Swali hilo limeniuma hadi leo, kwa sababu nilitambua kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akijilazimisha kumaliza kikombe chake kwa kuwa amefundishwa, nyumbani na shuleni, kwamba kumwaga chakula ni vibaya.

Naomba nieleze kwa kifupi chanzo chake, ili walimu wa zamu na wapishi wasione kwamba ni deko. Ili laktosi isagwe, utumbo mwembamba unahitaji kimeng'enya kiitwacho laktase. Kwa watu wengi kimeng'enya hicho hupungua kadiri wanavyokua baada ya kuacha kunyonya, na ndiyo maana mtoto aliyekunywa maziwa vizuri akiwa na miaka minne anaweza kusumbuka akiwa na miaka minane. Laktosi isiyosagwa huvuta maji ndani ya utumbo na kushuka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huichachua na kutoa gesi. Hapo ndipo yanapotoka maumivu na kuharisha. Kuyachemsha maziwa hakuiondoi sukari hiyo, na kuyachanganya na maji au majani ya chai huipunguza tu katika kikombe. Maziwa ya mbuzi nayo yanayo. Hata hivyo, huu si mzio, na kwa hiyo jikoni hapahitajiki hofu: upawa au kikombe kilichokwisha kutumika kwa maziwa kikaoshwa kama kawaida hakitamdhuru Neema. Kinachomdhuru ni kikombe kizima.

Ninafahamu kwamba maziwa yaliyoondolewa laktosi kiwandani ni adimu katika maduka ya hapa kwetu na bei yake ni kubwa, kwa hiyo siombi shule iyanunue. Ninachoomba kinaweza kupatikana katika jiko lilelile. Kila Jumatatu hadi Alhamisi wapishi hupika uji wa ulezi wa saa nne, na maziwa huongezwa mwishoni, uji ukishaiva. Naomba kabla ya maziwa hayo kuongezwa, wachote vikombe viwili vya uji: kimoja Neema anywe na wenzake saa nne, na cha pili kihifadhiwe kwenye chupa ya chai hadi saa saba mchana. Chupa hiyo nitaileta mimi, ikiwa na jina lake, na nitaichukua kila Ijumaa niioshe vizuri. Ulezi ni chaguo zuri kwake kwa sababu una madini mengi ya kalisi kuliko nafaka nyingine tunazokula, na kalisi ndiyo hasa ninayohofia ataikosa kwa kuacha maziwa. Nyumbani ninaongezea kwa dagaa, ambao anawala wazima pamoja na mifupa yao.

Siku ya Ijumaa uji haupikwi. Kwa siku hiyo ninaomba kibali cha kuleta maziwa ya soya ninayoyatengeneza mwenyewe. Soya ninailoweka usiku kucha, ninaisaga, ninaichuja, kisha ninayachemsha maziwa yake alfajiri na kuyatia kwenye chupa yakiwa ya moto. Ninajua utaratibu wa shule hauruhusu chakula kutoka nyumbani, na ninauheshimu, kwa kuwa unawalinda watoto wasioneane wivu. Ndiyo sababu ninaomba chupa hiyo ikabidhiwe jikoni asubuhi, na mtoto amiminiwe kinywaji chake katika kikombe cha shule kama wenzake.

Jambo hili la kikombe lina uzito kwangu. Tangu wiki zile mbili za majaribio Neema amekuwa akinywa maji tu mchana, na ameniambia kwamba hukaa mwisho wa benchi ili asiulizwe kwa nini hana maziwa. Akipewa kikombe kilekile, kwa upawa uleule, kwenye foleni ileile, sidhani kama kuna mtoto atakayejali kilichomo.

Ikiwa kuna gharama yoyote itakayoongezeka, niko tayari kuilipa pamoja na mchango wa chakula wa kila muhula. Sidai nirudishiwe sehemu ya maziwa katika mchango nilioulipa tayari; kikombe chake apewe mtoto mwingine anayekihitaji. Naomba pia nisieleweke kwamba ninapinga maziwa kutolewa shuleni. Kwa watoto wanaoyamudu ni chakula bora, na mdogo wake Neema aliyeko darasa la awali anayafurahia na aendelee kupewa.

Daktari amependekeza tumwangalie hadi mwisho wa muhula huu, kisha tujaribu mtindi kidogo kidogo, kwa kuwa katika kuganda sehemu ya laktosi hugeuzwa kuwa asidi na baadhi ya watoto huuvumilia. Hadi nitakapoleta taarifa mpya kwa maandishi, ninaomba asipewe mtindi wala maziwa ya unga kwenye chai.

Niko tayari kufika ofisini kwako siku na saa utakayopanga, na pia kuzungumza na mpishi mkuu ikiwa utaona inafaa. Namba yangu ya simu ipo katika fomu ya usajili wa mtoto. Ningeshukuru kama utaratibu huu ungeanza Jumatatu ijayo, tarehe 16 Februari. Chupa ya chai nitaikabidhi siku hiyo asubuhi kabla ya kengele ya kwanza.

Wako katika malezi ya watoto,

Tumaini Mgaya
(Mzazi)

Kiambatanisho: Cheti cha daktari, nakala moja.

Nakala: Mwalimu wa Darasa la Tatu B.