Zaina, umezaliwa lini?

Zaina, habari za jioni? Ni Hamza, yule wa taksi ya Bombo, tulioganda pamoja kwenye foleni ya Kawempe mvua ikinyesha. Natumaini ulifika nyumbani bila kulowa.

Namba ulinipa, lakini kuna swali nililisahau, na tangu siku ile halinitoki kichwani: umezaliwa tarehe ngapi, mwezi gani? Mwaka baki nao, siudai.

Sababu ni zile karanga. Ulifungua karatasi, ukanigawia nusu, konda naye akapata zake. Halafu jajja wa kiti cha mbele aliponyimwa chenji yake ya elfu moja, ulimsemea kwa upole mpaka ikatoka, na konda mwenyewe akabaki anacheka. Nikasema moyoni, huyu nyota yake Mizani! Watu wa Mizani husemwa hawapendi kitu kielemee upande mmoja. Kama nimepatia, basi umezaliwa kati ya tarehe 23 Septemba na 22 Oktoba, na nyota yako ni moja na ya Uganda, maana uhuru wetu ni wa tarehe 9 Oktoba 1962. Nchi nzima inasherehekea ndani ya nyota yako, Zaina.

Ila ulivyopiga soga na kila abiria, hadi mama mwenye kuku, unaweza pia kuwa Mapacha. Na yale macho uliyomkazia konda kabla ya ule upole... hapo niliona Nge.

Mimi ni Samaki, tarehe 3 Machi, nyota ya maji. Nimeshapiga hesabu zote. Ukiwa Kaa, Nge au Samaki mwenzangu, maji yamefuata maji. Ukiwa Punda, Simba au Mshale, wewe ni moto, basi tutachemsha chai. Ng'ombe, Mashuke na Mbuzi ni udongo, na udongo ukipata maji matoke yanastawi. Mizani, Mapacha na Ndoo ni upepo. Umewahi kuliona Ziwa Viktoria jioni pale Entebe, upepo ukilipitia? Hapo ndipo moyo wangu umeegemea.

Nakuahidi jambo moja: sitaisoma nyota yako peke yangu. Nitumie tarehe, kisha Jumamosi saa kumi tukutane Wandegeya, roleksi na chai ni juu yangu, tusome pamoja, yako kwanza. Wanajimu wakikusingizia tabia isiyo yako, tunaifuta na kuandika ile niliyoiona kwenye taksi. Jumamosi ikiwa na shughuli, taja siku yako, nami nitaifuata.

Na kama tarehe bado ni siri, nitumie picha tu: kaa, simba, mizani, ndoo, chochote kile. Ila tafadhali, usinitumie punda kumbe wewe ni samaki.