Hati ya Ubia ya Ofisi ya Mwanakombo na Kazungu, Mombasa

Leo Jumanne tarehe 4 Februari 2025, sisi wawili, Bi Mwanakombo wa Tudor na Bw. Kazungu wa Bombolulu, wahasibu wote wawili, kila mmoja na cheti chake cha ICPAK cha kufungua ofisi ya odit, tumekaa tukakubaliana haya. Nakala za vitambulisho, PIN za KRA na vyeti tumezipiga pini nyuma. Tumeandika kwa Kiswahili chetu cha kila siku makusudi, asije mmoja kesho akasema mi nilisaini tu sikuelewa, na mke au mume au mtoto akiokota hii karatasi siku ya msiba aisome mwenyewe bila kumtafuta mtu.

Na tuseme ukweli kilichotusukuma. Kazungu alishafanya kazi ofisi fulani, mwenyewe akafariki ghafla, hakukuwa na karatasi yoyote, akaunti ikafungwa na wafanyakazi wakakaa miezi mitano hawaoni mshahara huku mafaili ya watu yamerundikana sakafuni. Hatutaki hiyo.

1. Ofisi yenyewe

Jina ni Mwanakombo na Kazungu, ofisi iko Nkrumah Road ghorofa ya 2, na ubia unaanza tarehe 1 Machi 2025. Kazi ni odit, vitabu vya hesabu na ushuru. Jina tutalisajili kupitia eCitizen, ubia utakuwa na PIN yake, na utafuata Sheria ya Ubia ya Kenya ya 2012. Huu ni ubia wa kawaida, si ule wa dhima yenye mpaka, yani deni la ofisi likishindikana mdai anaweza kuja mpaka kwa mali yako mwenyewe. Tunajua hivyo na tumeingia tukijua, ndio maana bima ya makosa ya kazi italipwa kila mwaka kabla ya mtu yeyote kugusa faida. Mwaka wa hesabu unaisha 31 Disemba.

2. Mtaji

Mwanakombo ameleta 1,500,000 pesa taslimu. Kazungu ameleta 600,000 taslimu na vifaa, laptopu 3, printa kubwa na kabati la chuma la mafaili, tumeviangalia kimoja kimoja tukakubaliana bei ni 300,000. (Printa ina kelele lakini inafanya kazi, Mwanakombo ameiona na ameikubali hivyo hivyo.) Jumla ni 2,400,000, kwa hivyo mtaji ni asilimia 62.5 wa Mwanakombo na 37.5 wa Kazungu.

Mtaji hauzai riba. Mwanakombo hataki riba kwa dini yake na Kazungu hana neno, basi badala yake mtaji una fungu lake kwenye faida kama ilivyo kipengele cha 3. Kwa sababu hiyo hiyo ofisi haikopi mkopo wa riba na akaunti itafunguliwa upande wa benki wa Kiislamu. Ikihitajika pesa zaidi tunachanga kwa ile ile 62.5 na 37.5, na mmoja akishindwa mwenzake anaweza kujazia, ila hiyo inaandikwa kuwa ni deni lisilo na riba la kurudishwa ndani ya mwaka 1, haibadilishi mtaji mpaka tukubaliane kwa maandishi.

Hakuna kutoa mtaji ubia ukiendelea. Hata kidogo. Hata ada ya shule.

3. Faida na hasara

Hapa ndio tulibishana sana, siku tatu nzima, kwa sababu Mwanakombo ameleta pesa nyingi na Kazungu anakuja na klayanti wengi wa hoteli za Diani na ofisi za kliaringi, na nusu kwa nusu kavu ingemuumiza mmoja kila mwaka. Tulichofikia ni hiki. Baada ya mishahara, kodi ya nyumba, bima na gharama zote, asilimia 10 ya kinachobaki inakwenda akiba mpaka akiba ifike 600,000. Inayobaki ndio faida ya kugawa, na inakatwa mafungu 3: asilimia 50 nusu kwa nusu, asilimia 20 kwa kufuata mtaji, na asilimia 30 kwa kufuata ada ambazo kila mmoja amesimamia kazi yake na pesa ikaingia benki. Tumeandika ikaingia benki. Invoisi ambayo haijalipwa si pesa, hata ikiwa imeshapita kwenye eTIMS.

Mfano, tusije tukasahau hesabu ilivyokuwa. Faida ya kugawa ikiwa 3,000,000, fungu la kwanza ni 1,500,000 kila mmoja 750,000. Fungu la mtaji ni 600,000, Mwanakombo 375,000 na Kazungu 225,000. Fungu la kazi ni 900,000, na kama kazi za Mwanakombo ziliingiza 4,000,000 na za Kazungu 5,000,000, basi 400,000 kwa 500,000. Jumla Mwanakombo 1,525,000, Kazungu 1,475,000.

Klayanti aliyefanyiwa kazi na wote wawili tunaandika mgao wake siku ya kufungua faili, si siku ya kulipwa.

Hasara inafuata mtaji peke yake, 62.5 kwa 37.5. Lakini faini inayotokana na uzembe wa mmoja, mfano VAT ya klayanti kupita tarehe 20 au PAYE kupita tarehe 9 na faili lilikuwa mezani kwake, hiyo inakatwa kwenye fungu lake yeye. Kodi ya mapato kila mmoja anajilipia kwa fungu lake kwenye ritani yake mwenyewe.

4. Kutoa pesa ya matumizi

Kila mwezi tarehe 28 kila mmoja anachukua 80,000. Hii si mshahara, ni faida uliyoila mapema, kwa hivyo mwisho wa mwaka inakatwa, kwenye ule mfano hapo juu 960,000 inatoka na Mwanakombo anabaki na 565,000, Kazungu 515,000. Ukiwa umechukua kuliko fungu lako unarudisha ndani ya siku 90. Akaunti ikiwa chini ya mishahara ya miezi 2 ya wafanyakazi hakuna anayechukua kitu, kwanza Saumu, karani wetu wa hesabu, na vijana walipwe.

Saini za benki ni zote mbili kwa chochote kinachozidi 20,000, na hakuna kumtumia mwenzako meseji usiku "niidhinishie tu hii nitakueleza kesho".

5. Kujitoa

Mtu anayetaka kutoka anatoa notisi ya maandishi ya miezi 6, na siku ya kutoka haiwezi kuangukia kati ya 1 Januari na 30 Juni, maana huo ndio msimu wa odit na ritani na kumuachia mwenzako wakati huo ni kumzika mzima mzima.

Siku ya kutoka hesabu zinafungwa na anadai mtaji wake, fungu lake la akiba kwa kadiri alivyochangia, faida yake mpaka siku hiyo, na fungu lake la bili za zamani kila zinapolipwa, ukitoa madeni yake. Vifaa vinahesabiwa kwa bei ya siku hiyo, si ya mwaka 2025. Analipwa kwa awamu 8, moja kila miezi 3, bila riba.

Klayanti si mbuzi wa kugawana, anachagua mwenyewe, na barua ya kumwambia tunaiandika pamoja na kusaini wote. Anaobaki nao ofisi, aliyetoka anapata asilimia 20 ya ada zao zitakazoingia kwa miezi 12, kwa wale aliowasimamia yeye. Anaoondoka nao hapati kitu juu yao. Wafanyakazi wetu asiwachukue kwa mwaka 1. Na ndani ya siku 14 benki, KRA, usajili na ICPAK wote wawe wameambiwa, kwa faida ya anayetoka mwenyewe, maana asiyejua kuwa umetoka ataendelea kukudai wewe.

Kutolewa kwa nguvu ni mambo 3 tu: cheti cha ICPAK kufutwa, kuiba pesa ya ofisi au ya klayanti, au kutoonekana kazini siku 60 bila ugonjwa wala taarifa. Aliyeiba hapati ile asilimia 20.

6. Mmoja wetu akifariki

Ubia ni watu wawili, mmoja akiondoka ubia wenyewe umekwisha, lakini ofisi isifungwe. Aliyebaki ana haki ya kuendelea na kazi, kukodi pale pale na kutumia jina kwa miezi 12, na ndani ya siku 90 aseme kama ataendelea peke yake, ataleta mshirika mwingine au atafunga.

Siku ya kifo yenyewe ofisi inatoa mkono wa tanzia 150,000, na kwa miezi 6 inampa mtu aliyeandikwa kwenye bahasha ya marehemu 60,000 kila mwezi. Hizi ni gharama za ofisi, hazikatwi kwenye haki ya warithi.

Hesabu zinafungwa tarehe ya kifo na kumalizika ndani ya siku 60, na mhasibu wa nje anazikagua. Wanachodai warithi ni kile kile cha kipengele cha 5, pamoja na asilimia 20 ya klayanti wa marehemu. Lakini tunalipa kwa wasii au msimamizi mmoja tu aliyeshika karatasi ya mahakama, si kwa kila anayekuja ofisini na kusema mi ndio kaka mkubwa. Mirathi ya Mwanakombo itagawanywa kwa sheria ya Kiislamu na mahakama ya Kadhi iko hapa Mombasa, ya Kazungu kwa Sheria ya Urithi, na kugawa huko ofisi haiingilii. Mke, mume au mtoto hawi mshirika kwa kurithi, maana odit bila cheti haisainiwi. Mtoto akiwa nacho siku hiyo aombe kama mtu mwingine.

Awamu ni zile zile 8. Ili zisiinyonge ofisi, kila mmoja atakatiwa bima ya maisha ya 1,500,000, ya Mwanakombo iwe takafuli, ofisi ndiyo inayolipia na ofisi ndiyo inayopokea, na pesa hiyo inaanza kwa kulipa warithi kabla ya jambo lingine.

Odit ambayo marehemu hakuisaini, aliyebaki anaipitia upya kuanzia karatasi ya kwanza ndipo aisaini kwa jina lake. Muhuri wa marehemu unakatwa kwa mkasi mbele ya Saumu siku hiyo hiyo. Nywila za iTax na za simu ya ofisi ziko kwenye bahasha 2 zilizofungwa kwa nta ndani ya kabati la chuma, na tunazibadilisha kila Januari.

7. Tukikosana

Kwanza tunakaa wawili ndani ya siku 7. Ikishindikana kila mmoja analeta mtu mzima mmoja anayemheshimu, wana siku 21. Ikishindikana tena anateuliwa msuluhishi mmoja chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 1995, anakaa hapa hapa Mombasa na uamuzi wake ndio wa mwisho. Wakati huo wote kazi za klayanti zinaendelea na mlango haufungwi kufuli la pili.

Kubadilisha chochote humu ni kwa maandishi na saini mbili, meseji ya WhatsApp haihesabiki.

Tumesaini nakala 3, moja kwa kila mmoja na moja kabatini.

Mwanakombo, mshirika, 4 Februari 2025
Kazungu, mshirika, 4 Februari 2025
Shahidi: Saumu, karani wa hesabu, ameona wote wawili wakisaini kwa kalamu moja, ya Kazungu, kwa sababu ya Mwanakombo iliisha wino