Karibu Chumbani, Dada

Dada mpendwa,

Karibu sana Mabibo, na pole kwa safari ndefu ya kutoka Songea. Nimelazimika kuwahi kipindi cha asubuhi, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupokea mwenyewe. Kitanda cha chini, kilicho karibu na dirisha, ni chako. Nimekipangusa vumbi na kukufungia chandarua, kwa kuwa mbu wa hapa huingia mapema. Ndoo ya bluu ina maji ya kuoga, na chai iko kwenye chupa, tafadhali usione haya. Natamani tuishi kama ndugu: jambo langu lolote likikukera, niambie waziwazi, nami nitalipokea kwa moyo mweupe. Jioni, ukishapumzika, twende kwa mama ntilie tukale pamoja.

Mwenzako wa chumbani